Zima Muziki, Nahodha Anaongea

Naomba tuanze na zoezi dogo. Tafuta video yoyote ya safari iliyotengenezwa na kijana mwenzetu mwaka huu au mwaka jana, laza simu kifudifudi mezani, halafu isikilize tu. Usitazame. Utasikia biti. Biti itapanda, itashuka, itapanda tena, na katikati mtu atasema "familia, hapa ni pazuri sanaaa", kisha biti itarudi. Sasa niambie: alikuwa wapi? Lamu? Mwanza? Matema? Dubai?

Huwezi kujua, na masikio yako hayana kosa. Mahali pamefutwa. Mtu katoa nauli, kalala kwenye kiti cha basi, kavuka maji, kafika. Halafu karudi nyumbani, kaifuta sauti yote ya huko, na juu yake kaweka wimbo ambao hata jirani yake asiyesafiri anao kwenye simu. Huo ndio ugomvi wangu wa leo. Najua wapo watakaosema huyu mwandishi ana wivu na wenye wafuasi wengi. Wivu upo kidogo, sikatai. Lakini hoja ibaki hoja.

Nitoe mfano wa kweli ili tusiongee hewani. Rafiki yangu mmoja (kaniruhusu kuandika haya kwa sharti nisimtaje) alikwenda Kilwa Kisiwani mwezi Novemba, na aliporudi akanitumia video yake niione kabla hajaipandisha YouTube. Dakika 14. Dakika nne za mwanzo ni droni. Kisha yeye anatembea kuelekea magofu huku amegeuzia kamera mgongo, kisha anageuka na kutabasamu, kisha magofu, kisha samaki wa kukaanga kwenye sahani, kisha droni tena. Muziki unaanza sekunde ya kwanza na kuisha ya mwisho. Nikamuuliza, "Kaka, ulivukaje kwenda kisiwani?" Akasema kwa mashua ya tanga. Nikamwambia mbona mashua nimeiona kwa sekunde sita tu, tena kutoka angani? Akajibu, "Ah, kule hakukuwa na kitu. Upepo ulikata katikati, tukakaa tu."

Tukakaa tu! Nikamwomba anipe vyote alivyopiga, nikakaa navyo jioni mbili. Saa tatu na dakika kadhaa za picha. Na humo ndani, kwenye klipu aliyokuwa amekwisha iweka kwenye folda ya takataka, nikamkuta nahodha.

Kwa wasiofika Kilwa, nieleze jiografia yake, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Kilwa Masoko ndio mji wa leo, uko bara. Kilwa Kisiwani iko ng'ambo, unakatisha maji ya kama kilomita mbili. Huko kuna magofu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Songo Mnara: Msikiti Mkuu wenye kuba, Gereza lililo karibu na ufuko, na ukienda kwa miguu upande wa mashariki unakuta Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye bwawa la kuogea la pembe nane linalotazama bahari. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331. Na kuna kijiji. Watu wanaishi pale, wanatwanga, wanafuga kuku, wanasomesha watoto. Ukitazama ile video ya dakika 14 utadhani kisiwa kilihamwa siku aliyoondoka sultani wa mwisho.

Sasa ile klipu. Ina urefu wa dakika 11. Mashua iko katikati ya mkondo. Tanga linapiga mara mbili, tatu, halafu linalala kwenye mlingoti kama shuka kwenye kamba. Kimya. Matone ya maji yanadondoka kutoka kwenye kasia. Rafiki yangu anauliza, "Mzee, imekuwaje?" Nahodha, ambaye hata kamera haijamtazama bado, anajibu, "Upepo umekufa, mwanangu. Tusubiri." "Tusubiri mpaka saa ngapi?" "Muulize mwenye upepo."

Kisha mzee anaeleza. Anasema hii ni tangambili, majira yaliyo kati ya kusi na kaskazi, upepo haujaamua. Anasema kaskazi ndiyo iliyoleta watu hapa, na kusi ndiyo iliyowarudisha makwao. "Na aliyechelewa?" anauliza rafiki yangu. "Aliyechelewa alioa hapa hapa." Wanacheka wote wawili, na mtoto aliyeko nyuma ya mashua, ambaye hatujamwona hata mara moja, anacheka pia.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo Kilwa yote kwa sentensi mbili! Vyombo kutoka Arabuni na Ghuba vilishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, vikapanda na kusi ilipoanza kuvuma. Kilwa ilikuwa karibu na ukomo wa mbali ambao chombo kingeweza kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, iliyo Msumbiji ya leo, ilikuwa mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo wenye Kilwa wakakaa katikati ya biashara na kutajirika. Kuba za ule msikiti zimejengwa kwa upepo. Mwanangu huyu alikuwa amekaa kwenye mashua isiyokwenda, anaelezwa kwa nini magofu anayokwenda kuyapiga picha yapo pale yalipo, na alipofika nyumbani akasema hakukuwa na kitu.

Ugonjwa huu una asili yake. Mwaka 2014 Mwitaliano Leonardo Dalessandri alitoa filamu fupi inayoitwa "Watchtower of Turkey", ikazunguka dunia nzima: mikato ya haraka, kamera inazunguka Uturuki inaingia mlango huu inatokea mji mwingine. Waigaji wakachukua ile mizunguko. Walichoacha ni kwamba ile filamu imejaa sauti za watu na mitaa, na mikato yake mingi inashikwa na sauti. Mwaka uliofuata, Machi 2015, Casey Neistat alianza kutoa video kila siku kutoka New York, na vijana wakachukua miwani, droni na muziki wake. Walichoacha ni kwamba yule bwana karibu kila siku alikuwa na jambo analolitafuta na kitu kinachomzuia, hata kama jambo lenyewe ni kuwahi ndege. Tumerithi kofia bila kichwa.

Basi nikamwambia rafiki yangu tukae tuikate upya, picha zile zile, bila kurudi Kilwa. Akakubali kwa shingo upande. Nawaeleza tulivyofanya, kwa sababu ubishi wetu ulikuwa kwenye vitu vidogo vidogo na humo ndimo penye somo.

Ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya kisa. Yeye alitaka kupanga kwa saa: asubuhi basi, mchana mashua, jioni samaki. Mimi nikamuuliza, asubuhi ile ulitaka nini hasa? Akasema alitaka kufika Husuni Kubwa. Kitu gani kingekuzuia? Hapo akakumbuka: kabla hawajaondoka Masoko, nahodha alimwambia maji yatapwa mchana, na wakichelewa mashua itakaa kwenye mchanga mpaka usiku. Na basi la kurudi Dar alikuwa amekwisha lipia, la alfajiri ya siku ya pili. Haya, umeona? Kijana anataka kufika mahali fulani, ana muda wenye ukomo, na katikati ya maji upepo unakufa. Kila dakika wanayokaa pale inakatwa kwenye dakika za Husuni Kubwa. Hicho ni kisa. Hukihitaji kukibuni, hukihitaji chui, wala kuibiwa begi. Unahitaji mtazamaji ajue mapema unataka nini na saa ngapi mlango unafungwa. Ukishamwambia hayo, hata kasia linalodondosha matone linakuwa na maana, maana anahesabu pamoja na wewe.

Kwa hiyo video mpya inaanza na tanga linalopiga na kulala. Hakuna "habari zenu familia". Sekunde ya 20 nahodha anasema upepo umekufa. Ndipo tunarudi nyuma, Masoko, asubuhi, rafiki yangu anaitazama kamera na kusema anakwenda wapi na maji yanapwa saa ngapi.

Hapa nigusie kuongea mbele ya kamera, maana ndipo wengi wanapoharibu. Alikuwa amejirekodi mara tisa siku ile. Nyingi kati ya hizo anatuambia kile tunachokiona: "hapa kama mnavyoona ni msikiti." Tunaona, baba! Kuongea na kamera ni kwa ajili ya yale ambayo picha haiwezi kuyaonyesha, yaani unachotaka, unachoogopa, kilichotokea kamera ikiwa imezimwa, na hesabu ya muda. Tulibakiza mbili tu. Ya Masoko ina sekunde 22, na ni nzuri kwa sababu ambazo hata yeye hakuzipanga: alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta kukwepa jua, upepo haukumfikia, na alikuwa na haraka kwa hiyo alisema jambo moja akanyamaza. Jicho lake liko kwenye lenzi. Kwenye zile nyingine anajitazama mwenyewe kwenye kioo cha simu, na mtazamaji anaona macho yanayokimbia pembeni kidogo, kama mtu anayeongea nawe huku anatazama mlangoni. Dawa yake ni karatasi. Bandika karatasi juu ya kioo, acha lenzi peke yake.

Zile mbili za kwenye mashua wakati upepo bado unavuma zilikuwa na maneno mazuri, lakini hazifai. Upepo ukigonga maiki tupu ya simu unatoa mngurumo mzito wa chini, na ukizidi, wimbi la sauti linakatwa kichwa. Hapo hakuna programu itakayokurudishia sauti. Ukilazimisha kusafisha, mtu anasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Hili unalijua pale pale ukivaa visikilizio na kusikiliza sekunde kumi ulizorekodi. Ukingoja mpaka Dar, umechelewa. Kinga yake ni ndogo na rahisi: maiki ya kubana kwenye nguo, kama shubiri moja chini ya kidevu, yenye kofia ya manyoya. Ile ya sponji inazuia pumzi tu, upepo wa bahari unaipita. Manyoya yanatengeneza tabaka la hewa tulivu kuzunguka maiki. Huna manyoya? Mgeuzie upepo mgongo, mwili wako uwe ukuta.

Na tazama kichekesho cha mambo: sauti ya nahodha ni safi kuliko zote, ijapokuwa ilirekodiwa kwa simu tupu. Kwa nini? Mashua ni ndogo, simu ilikuwa hatua moja tu kutoka mdomoni mwake, na upepo ulikuwa umekufa. Kile kile kilichowakwamisha ndicho kilichotupa sauti. Rafiki yangu alipiga dakika 11 bora za safari yake pale alipodhani hakuna kinachotokea.

Ubishi wa pili, na ndio uliotufikisha karibu na kununiana, ulikuwa muziki. Nilimwomba tuanze kuhariri bila picha. Yaani tupange kwanza maneno na sauti kwenye programu, tufumbe macho, tusikilize kama kipindi cha redio. Kama kisa kinaeleweka kwa masikio peke yake, picha zitapata pa kukaa. Kama hakieleweki, droni haitakiokoa. Wazee wetu waliofanya kazi redioni walijua hili bila kufundishwa na mtu wa YouTube. Mpira wa redio uliwatoa watu jasho bila picha hata moja.

Tulipofumba macho tukagundua tuna shimo. Msikitini hatukuwa na sauti yoyote ya kutumia, kwa sababu kila klipu ya pale alikuwa anaongea au anatembea na mlio wa viatu. Na kuba zina tabia yake: ukiwa chini yake sauti inarudi kwako kidogo, unajua uko ndani ya kitu kizito. Nilitaka mtazamaji alisikie hilo pale anapoingia kutoka juani. Ilibidi tuchimbe, tukapata sekunde 9 ambazo aliweka simu juu ya jiwe ili afunge kamba za kiatu. Picha ni ya anga tupu. Lakini sauti! Njiwa, wimbi kwa mbali, na nyuma ya ukuta mtu anatwanga. Twa, twa, twa. Kijiji chenyewe kimeingia kwenye video kwa mlango wa nyuma.

Sekunde 9 hazitoshi tukio la dakika nzima, kwa hiyo ilibidi tuzirudie rudie. Kurudia kuna mtego. Kama ndani yake kuna mlio mmoja unaojitokeza, mfano jogoo, sikio litamkamata jogoo yule yule akiwika kila baada ya sekunde 9 na uongo utajulikana. Tulimtoa njiwa mmoja aliyelia kwa nguvu, tukaunganisha ncha kwa kufifisha taratibu, na kinu tukakiacha kipige mara moja tu, mwanzoni. Kazi hii ilitula jioni nzima, wakati pale pale msikitini ingekula dakika moja. Ndiyo maana nasema, na hapa sitaki mjadala: kila mahali unapofika, kabla hujaongea neno, simama, shikilia simu bila kuitikisa, rekodi sekunde 60 ukiwa kimya. Usitembee. Usimeze mate kwa kelele. Halafu ndiyo ufanye mambo yako.

Kisha tukafanya kitu ambacho rafiki yangu alikiona uchawi, kumbe ni cha zamani sana: sauti itangulie picha. Tunamwona bado kwenye mashua, magoti yake, maji yanaanza kusogea ubavuni. Kinu kinaanza kupiga. Twa, twa. Mtazamaji anajiuliza hiyo ni nini? Sekunde mbili baadaye picha inakata, tuko chini ya kuba. Hakuna mzunguko wa kamera, hakuna mwanga mweupe unaolipuka, na umehama mahali bila kushtuka kwa sababu sikio lilitangulia kufika. Vivyo hivyo kinyume chake: nahodha anaposema "aliyechelewa alioa hapa hapa", hatukai usoni mwake. Sauti ya kicheko chao inaendelea huku picha imehamia kwa yule mtoto. Ilibidi tumtafute kwenye klipu nyingine ndipo tukampata, ameshika kamba, anatazama maji.

Muziki sijaupiga marufuku. Upo mara mbili kwenye video mpya. Mara ya kwanza sekunde 15, basi linatoka Dar, kwa sababu kweli dereva alikuwa anapiga muziki na tuliuacha ule ule wa kwenye basi, unasikika kwa mbali na mtikisiko wa dirisha juu yake. (Hapa ukae macho: wimbo wenye mwenyewe, hata ukisikika nyuma tu, mfumo wa Content ID wa YouTube unaweza kuutambua na mwenye wimbo akachukua mapato ya tangazo. Rafiki yangu amelikubali hilo.) Mara ya pili nitaisema baadaye. Kwingine kote ni sauti ya mahali na sauti za watu. Nahodha tulimweka juu kabisa, kilele cha sauti yake kati ya -12 na -6 dB, na maji chini yake tukayashusha mpaka yakabaki kuhisika tu. Wale wanaosukuma kila kitu juu ili video "ipige" wanajisumbua, kwa sababu YouTube hushusha kila kinachozidi kipimo cha -14 LUFS. Unachobakiwa nacho ni video isiyopumua.

"Watu watachoka," akaniambia. "Siku hizi mtazamaji ukimpa sekunde tano za kimya anahama." Nimesikia hoja hii mara nyingi na naiheshimu, maana grafu ya YouTube Studio inayoonyesha watu wanaondoka sekunde gani haidanganyi. Lakini itazameni vizuri hiyo grafu kwenye video zenu. Yeye aliifungua ya safari yake ya awali. Watu walikuwa wanaporomoka pale pale kwenye droni na muziki, dakika ya kwanza, na mstari ukanyooka kidogo kila mtu mwingine alipoongea. Wanachokimbia ni kutoambiwa kitu. Kuhariri kwa kubana ni tofauti na kuhariri kwa kasi. Kubana maana yake kila picha iondoke ikishatoa habari yake. Picha ya sahani ya samaki inatoa habari yake ndani ya sekunde mbili, samaki huyo, tumemwona, aende. Picha ya tanga lililolala ina habari mpya kila sekunde, kwa sababu tunangoja lijae na saa inakwenda. Kwenye video ya kwanza samaki alipewa sekunde 18 na tanga sekunde sifuri. Kwenye hii mpya, tukio la upepo kufa linachukua sekunde 95 kwa jumla, ndilo refu kuliko yote, na video nzima ina dakika 6 na sekunde 40.

Namna ya kujua pa kukata tuliipata kwa kubishana tu: unaondoa picha, unatazama tena. Kama hakuna swali lililobaki bila jibu, haikuwa na kazi. Droni ya dakika nne tuliiondoa yote mara moja, na hakuna kitu kilichopungua. Nikaona uso wa rafiki yangu, nikanyamaza. Vibali vya kurusha kile kidude alivihangaikia wiki kadhaa.

Kuna klipu nyingine aliyokuwa ameitupa kwa aibu, na hiyo ndiyo iliyotupa mwisho. Upepo uliporudi walifika wakiwa wamechelewa. Alizunguka Msikiti Mkuu haraka, akakimbia kwenda Husuni Kubwa, na pale alikaa dakika 9. Dakika 9, kwa kasri alilosafiri kutoka Dar kuliona! Hakurekodi hotuba yoyote, alikuwa anahema, simu inaning'inia mkononi bado inarekodi. Tunaona miguu, majani, jiwe, halafu ukingo wa lile bwawa la pembe nane, tupu, na nyuma yake bahari imekwisha rudi nyuma. Anasema kwa pumzi za kukata, "Maji yameondoka." Ni maneno mawili. Kwenye video ya kwanza, bwawa hilo hilo lilionyeshwa kutoka angani kwa sekunde 20 na hakuna aliyejua kwa nini atazame. Hapa tunaliona kwa sekunde nne, kwa picha ya kutikisika, na moyo unakudunda kwa sababu unajua mashua iko wapi.

Anarudi ufukoni, mashua imeshaanza kukaa. Nahodha yuko ndani ya maji, suruali imekunjwa magotini, anasukuma. "Weka simu, mwanangu, sukuma." Picha inageuka juu chini, giza la mfukoni, na kwa sekunde 12 hakuna picha ya maana kabisa. Ni sauti tu: miguu inachomoka kwenye tope, mbao inakwaruza mchanga, mzee anahesabu, mtoto anacheka tena, halafu mkwaruzo unakoma na unasikia maji chini ya mbao. Imeelea. Rafiki yangu alitaka kuiondoa kwa sababu "haionekani kitu". Nilimwomba afumbe macho. Akafumba. Akaiacha.

Na hapo ndipo unapoingia muziki mara ya pili, tanga likiwa limejaa, Masoko kwa mbele, majina yanapita. La kwanza tuliloandika ni la nahodha, baada ya kumpigia simu kumuuliza kama anapenda litokee. Akauliza kama tumeiweka ile ya upepo. Tukamwambia tumeiweka. Akasema basi sawa.

Rafiki yangu bado anadai droni yake. Nimempa sekunde sita, mwishoni kabisa, mashua inaonekana ndogo kwenye mkondo, na sauti iliyo juu yake ni ya matone ya lile kasia.